Ugunduzi au Uamuzi: Mjadala kuhusu Fahamu ya Mashine, 1949–1980

Mjadala wa kisasa kuhusu fahamu ya mashine ulianzishwa na daktari kabla ya kushikwa na wanafalsafa. Mwezi Juni 1949, Geoffrey Jefferson, bingwa wa upasuaji wa ubongo huko Manchester, alitoa hotuba akidai kwamba mashine haiwezi kulinganishwa na ubongo mpaka itunge shairi kutokana na hisia ilizozipata yenyewe, na si kwa kupangapanga alama. Kigezo hicho kilihusu kinachotokea ndani, wala si kazi inayoonekana nje.

Alan Turing, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo kikuu cha mji huohuo, alimjibu mwaka 1950 katika jarida la Mind. Alisema kwamba kigezo cha Jefferson kikifuatwa hadi mwisho, hakuna mtu atakayekuwa na hakika kuwa mwenzake anafikiri, kwa kuwa hakuna aingiaye ndani ya nafsi ya mwingine. Badala ya kubishana daima, watu wamekubaliana kwa adabu kwamba kila mmoja anafikiri. Turing hakukanusha kuwa fahamu ni fumbo. Alichokataa ni kwamba lazima fumbo hilo lifumbuliwe kwanza. Wanaomhesabu miongoni mwa waliofuta fahamu kabisa wanamsoma kwa haraka.

Hilary Putnam aliisogeza hoja hiyo kwenye maadili mwaka 1964, katika makala iliyogusia hata haki za kiraia za roboti. Tuchukulie roboti iliyoundwa ifanane nasi kisaikolojia, ambayo husema inaona rangi nyekundu na hubishana na roboti wenzake kuhusu fahamu yao. Kwa Putnam, hakuna ushahidi zaidi unaoweza kumaliza suala hilo. Kuikubali kuwa na fahamu ni uamuzi wa kuipokea katika jumuiya yetu ya lugha, si ugunduzi.

John Searle alipinga mwelekeo huo mwaka 1980. Mtu asiyejua Kichina amefungiwa chumbani na kitabu cha kanuni; anapokea maandishi ya Kichina, anafuata kanuni, na kutoa majibu sahihi bila kuelewa hata neno moja. Wapinzani walisema kinachoelewa ni mfumo mzima, si mtu huyo peke yake. Searle alijibu kuwa mtu huyo akikariri kanuni zote, mfumo wote utakuwa kichwani mwake, na bado hataelewa. Hata hivyo, Searle hakudai kuwa mashine haziwezi kufikiri, maana kwake ubongo wenyewe ni mashine; alidai tu kuwa programu peke yake haitoshi.

Tofauti hii ina uzito kimaadili. Jeremy Bentham, mwaka 1789, aliuliza kuhusu wanyama kama wanaweza kuteseka. Ikiwa mateso ni jambo halisi ndani ya kiumbe, uamuzi wa Putnam waweza kukosea pande mbili: kumnyima haki anayeumia, au kukipa haki kisichohisi lolote. Mtafiti anaona kwamba Putnam hakuonyesha jinsi uamuzi wa aina hiyo unavyoweza kuwa na kosa.