Rosa Mistika: riwaya iliyofungiwa nje ya darasa

Katika mji mdogo kama Maganzo, hapa ambapo njia ya kwenda mgodi wa Mwadui inaachana na barabara kuu ya Shinyanga na Mwanza, vijana wengi unaowaona na kitabu mkononi wamekipata shuleni. Watu wanakuja kutafuta almasi, wananunua mchele, vocha na mabati. Riwaya hawaji kuitafuta. Kwa hiyo mtu akitaka kuificha riwaya isiwafikie vijana wa mahali kama hapa, hana haja ya kuichoma moto wala kumfunga aliyeiandika. Akiizuia shuleni, kazi yake imekwisha.

Hivyo ndivyo ilivyofanyiwa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Mwandishi mwenyewe ni mtu wa kanda yetu hii ya Ziwa, aliyezaliwa mwaka 1944 kijijini Namagondo, Ukerewe. Riwaya hiyo, ya kwanza kwake, ilitoka mwaka 1971 akiwa kijana wa miaka 27, miaka minne tu baada ya Azimio la Arusha. Aliyeichapisha ni lile shirika la vitabu la Afrika Mashariki lililokuwa na makao Nairobi. Haikupita muda mrefu mamlaka za elimu za Tanzania zikaipiga marufuku shuleni. Sababu iliyotolewa ilikuwa maadili: kwamba kitabu kinaeleza mambo ya mapenzi kwa uwazi usiomfaa mwanafunzi.

Ili tuelewe kilichowachoma watu, tuifuate hadithi yenyewe. Rosa ni binti wa Zakaria na Regina wa Namagondo. Zakaria ni mlevi, lakini kwa mabinti zake ni mkali kama mlinzi wa ghala. Anapogundua kwamba Rosa ameandikiwa barua na kijana, anampiga vibaya sana. Tangu hapo binti anajifunza kuwaogopa wanaume, na hakuna anayemfundisha namna ya kuishi nao. Anafaulu, anapelekwa shule ya bweni ya wasichana Mwanza, na kule macho ya baba hayamfikii. Wa kwanza kumchukua ni bwana maendeleo, mtu wa ofisi na mwenye mshahara. Baadaye, chuo cha ualimu Morogoro, anayemchukua ni mkuu wa chuo mwenyewe. Rosa anatoa mimba. Mwisho anapata mchumba anayempenda kweli, naye mchumba anapojua kuwa si bikira, anamwacha. Rosa anajiua. Kisha mwandishi anafanya jambo ambalo wengi hawakulitarajia: anawapeleka baba na binti mbele ya Mungu, kila mmoja akimlaumu mwenzake.

Waliosema kitabu kina mapenzi hawakusema uongo. Yamo. Lakini mimi nikiisoma upya, naona kilichokuwa kigumu zaidi kukivumilia ni orodha ya wanaume wenyewe. Wanaomharibu Rosa si wahuni wa mjini wala wageni. Ni watumishi wa umma: bwana maendeleo na mkuu wa chuo, watu ambao taifa jipya lilikuwa limewakabidhi watoto wake. Nyuma yao yuko mzazi mkali ambaye kila jirani angemsifu. Miaka ile, Elimu ya Kujitegemea ikiwa bado mbichi, mwalimu alitakiwa kuwa kioo cha taifa. Kumchora mkuu wa chuo akimlaghai mwanafunzi wake kulikuwa kuigusa shule yenyewe, na aliyeshika rungu la kuzuia ndiye aliyekuwa na dhamana ya shule hizo.

Marufuku ya namna hii ni tofauti na ile ambayo watu huifikiria. Linganisha na Matigari ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka Kenya kwa Kigikuyu mwaka 1986. Wasomaji waliisimulia kwa bidii kiasi kwamba wakubwa walidhani Matigari ni mtu hai anayezunguka vijijini akiuliza ukweli na haki viko wapi. Mwaka uliofuata polisi wakaingia kwenye maduka ya vitabu na kuzoa nakala. Serikali inapozoa nakala, kila mtu anajua kwamba kitabu fulani kimeogopwa, na hamu ya kukisoma inapanda. Rosa Mistika haikupata hata heshima hiyo. Haikuwa hatia kuwa nayo nyumbani. Ilikosa tu mlango wa darasa, na kwa riwaya ya Kiswahili darasa ndilo soko: mchapishaji huchapa kwa kutegemea shule, na shule isiponunua, nakala hazifiki wilayani. Hakuna mtu aliyelazimika kuja Maganzo kuinyang'anya.

Tena angalia mwaka. Mwaka huohuo wa 1971 Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa, iliyomruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama, huku kwa mvulana umri ukiwekwa 18. Kwa hiyo binti wa kidato cha pili aliweza kisheria kuwa mke wa mtu, lakini kusoma habari za binti aliyedanganywa na mkubwa wake kulionekana kungemharibu. Hapa Shinyanga jambo hilo si la vitabuni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta kwamba katika mkoa wetu, kati ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24, asilimia 59 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshafika zizini kabla binti hajamaliza shule. Kama kuna wasomaji ambao Kezilahabi aliwaandikia moja kwa moja, ni hao.

Baadaye zuio lililegezwa, riwaya ikachapwa upya na kufundishwa, Tanzania na hata Kenya. Waliokua nayo leo ni walimu na wazazi. Lakini njia ile ya kuzuia haikufa. Februari 2023 waziri wa elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza marufuku ya vitabu 16 shuleni kwa hoja ya mila na maadili. Vingine vilihusu elimu ya jinsia, na kati yake vilikuwemo visa vya katuni vya Mmarekani Jeff Kinney kuhusu mvulana mtukutu wa shule, vinavyosomwa zaidi na watoto wa shule za Kiingereza mijini. Mzazi anayetaka kujua kama kitabu kimezuiwa kweli au ni maneno ya mtaani, aulize mambo mawili: kuna tangazo au waraka wa wizara unaokitaja kwa jina? Na zuio ni la shule tu, au ni la nchi nzima, kukiuza na kukiingiza? Mara nyingi jibu ni la shule tu, na maana yake mzazi anaruhusiwa kukisoma na mwanawe nyumbani, kama anaweza kukipata.

Ile sheria ya mwaka 1971 nayo ilifikishwa mahakamani. Mwaka 2016 mwanaharakati Rebeca Gyumi aliishinda Serikali Mahakama Kuu, vifungu vya ndoa ya miaka 14 na 15 vikaonekana kwenda kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Kezilahabi alikuwa bado hai. Alifariki Dar es Salaam tarehe 9 Januari 2020, wiki kumi na moja baada ya hukumu.