Saa Iliyotembea Mwezini Ilikuwa na Kioo cha Plastiki

Ukienda kununua saa mjini siku hizi, muuzaji atakutupia neno moja hata kabla hujauliza bei: safaya. Atakuambia hii ni safaya original, haiwezi kukwaruzwa. Halafu bei inapanda. Na wengi wetu tunalipa tu, kwa sababu nani anataka saa yenye mistari mistari kama sufuria ya ugali?

Sasa sikiza. Saa ambayo wanaanga wa Marekani walivaa Mwezini mwaka wa 1969, Omega Speedmaster, haikuwa na safaya. Kioo chake kilikuwa akriliki, yaani plastiki, ile unaweza kuikwaruza na funguo. Na haikuwa juu ya kukosa pesa, manake safaya ilikuwako tayari. Kwa hivyo tuirudie hii historia kidogo, ndio ujue unalipia nini.

Saa za mkono za mwanzo zilikuwa na kioo cha kawaida, ndugu wa kioo cha dirisha. Kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia wanajeshi walikuwa wanazivaa ndani ya mahandaki, na vioo vilipasuka vibaya hadi wengine wakawa wanafunika saa na kijiwavu cha chuma. Dawa ilikuja mwaka wa 1933, wakati Otto Röhm wa Ujerumani alianza kuuza akriliki kwa jina la Plexiglas. Ilikuwa nyepesi, inapitisha mwanga vizuri, na ukiigonga inapinda kiasi badala ya kutawanyika. Kwa miaka mingi baadaye, ukinunua saa, ulikuwa unapata plastiki.

Safaya nayo ni yakuti ya kutengenezwa. Mwaka wa 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia yake: unadondosha unga wa oksidi ya alumini kupitia moto mkali wa zaidi ya nyuzi 2,000, unayeyuka, unaganda tone juu ya tone mpaka unapata jiwe. Jiwe lenyewe halina shida kupatikana. Shida ni kulikata, manake linahitaji vifaa vya almasi. Hapo ndipo pesa yako inaenda. Rado walitoa saa yao ya DiaStar yenye kioo cha yakuti mwaka wa 1962, wakaitangaza kama saa isiyokwaruzika.

Kwa nini basi Mwezini ikaenda plastiki? NASA walipotafuta saa mwaka wa 1964, moja ya masharti ilikuwa kioo kisitawanyike vipande. Fikiria uko ndani ya chombo ambacho hakina uzito wa kuvuta vitu chini. Kioo kikipasuka, vile vipande havianguki sakafuni ukafagia. Vinaelea. Vinaweza kuingia jichoni, kwenye mapafu, ama ndani ya mitambo. Mkwaruzo ni aibu tu, lakini kipande kinachoelea ni hatari.

Lakini usifikiri plastiki ilikuwa malaika. Kwenye majaribio ya NASA saa ziliwekwa kwenye joto la hadi nyuzi 93, na kioo cha saa ya Longines kilipinda kikatoka. Omega ikapita, ikaidhinishwa Machi 1965. Halafu mwaka wa 1971, safari ya Apollo 15, David Scott alirudi kutoka matembezi yake ya pili Mwezini akakuta kioo cha Omega yake kimechomoka. Hakikupasuka, kilitoka kizima. Matembezi ya tatu akavaa saa yake ya binafsi, Bulova, na hiyo Bulova ikauzwa kwenye mnada mwaka wa 2015 kwa zaidi ya dola milioni 1.6. Unaona? Kioo cha akriliki kinashikwa kwa kubanwa pembeni, na kikipinda kinaweza kuachia.

Sasa turudi kwako. Kukwaruzika ni swali la nani mgumu kuliko nani. Kuna kipimo cha Mohs, 1 hadi 10, almasi ikiwa juu na 10. Akriliki iko karibu 3, kioo cha kawaida kati ya 5 na 6, yakuti 9. Adui yako wa kila siku ni mchanga, ambao una chembe za ugumu wa 7. Uko kwenye vumbi, kwenye ukuta wa simiti, kwenye mlango wa matatu uliojaa matope. Hiyo 7 inashinda akriliki, inashinda kioo cha kawaida, lakini haigusi yakuti. Kwa hiyo muuzaji hasemi uongo hapo. Ukiona mistari juu ya yakuti, mara nyingi ni ule utando mwembamba wa kuzuia mng'ao uliopakwa juu, ndio umekwaruzika.

Mambo yanabadilika siku ya kuanguka. Chukua saa tatu, zote zitoke mezani zigonge vigae. Ya akriliki inaamka na kovu. Unachukua kitambaa laini na dawa ya meno nyeupe, isiwe ile ya jeli, unasugua kwa mduara dakika chache na mikwaruzo midogo inapotea. Ukitaka kioo kipya, fundi anakibana na kifaa chake, kinaingia. Ni ya bei ndogo.

Ya kioo cha kawaida ikipata mkwaruzo wa kweli, hausuguliki kwa dawa ya meno. Ikipasuka, fundi anapima upana na unene kwa milimita, anatafuta kinachotoshea, anakibana na mpira wake. Kama ni cha duara na bapa, bei bado ni ya kuvumilika.

Ya yakuti ina ugumu wa ajabu, lakini ugumu si uimara. Haipindi. Ikigongwa ukingoni inaweza kupasuka, na vile vipande vidogo ni vigumu kuliko chuma cha mashine yote ndani. Fundi mzuri hatabadilisha kioo tu, atafungua saa na kusafisha mashine, la sivyo chembe zitaikwama ama kuisaga. Unalipa kioo mara kadhaa ya kile cha kawaida, unalipa na usafi. Na kama kimejikunja kwa umbo la kampuni, utakiagiza kutoka kwao.

Kuna mtego mwingine: kioo cha kawaida kilichopakwa yakuti juu, kikauzwa kama yakuti kamili. Ukitaka kujua, safisha kioo, weka tone la maji. Juu ya yakuti tone hubaki limejikusanya, juu ya kioo cha kawaida hutandaa. Jaribio hili linaweza kudanganywa na utando wa juu, kwa hivyo lenye uhakika zaidi ni kile kikalamu cha sonara cha kupima almasi. Kinapima vile joto linapita, na yakuti hulipitisha vizuri sana kuliko kioo.

Msimamo wangu ni huu. Kama unakaa ofisini na saa ni ya miaka mingi, lipa yakuti, haitazeeka usoni. Kama uko kwenye mjengo, bodaboda ama uwanjani, akriliki ama kioo cha kawaida itakugharimu kidogo ikiharibika. Na kama saa yenyewe ni ya elfu mbili, usikubali bei iongezwe kwa ajili ya neno safaya, kwa sababu kioo kimoja kikipasuka kinaweza kukugharimu kuliko saa nzima. Omega hadi leo wanauza Speedmaster ya akriliki kando ya ile ya yakuti, na bado watu wanaichagua. Wanajua ilikotoka.