Jamvi, dipisi na linta: maneno ya fundi kwa anayejenga nyumba ya kwanza

Fundi akikwambia "kesho tunamwaga jamvi, tunaweka dipisi, halafu linta baadaye," ni vizuri ujue unalipia nini. Tunayaeleza maneno haya matatu kwa mfuatano wa ujenzi, kutoka chini kwenda juu.

Jamvi ni zege la sakafu ya chini, kwa kawaida unene wa sentimita 10. Humwagwa juu ya kifusi na mawe yaliyoshindiliwa ndani ya msingi. Kabla ya zege hutandikwa nailoni nyeusi, ili maji ya ardhini yasipande sakafuni.

Dipisi inafanya kazi hiyohiyo ukutani. Ni ukanda mweusi wa plastiki au lami, wenye upana wa tofali, unaolazwa juu ya msingi kabla ya kozi ya kwanza ya ukuta. Tofali hunyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Huku kwetu deltani, maji ya ardhini yako karibu na mara nyingi yana chumvi. Yakipanda, ukuta hutoa unga mweupe na plasta humenyuka, kuanzia chini hadi usawa wa goti au kiuno.

Tuchukue nyumba ya mita 6 kwa 5 yenye ukuta mmoja wa kati wa mita 5. Kuta za nje ni mita 22, na ukiongeza ule wa kati unapata 27. Nunua kama mita 29, kwa sababu kila kipande hulalia kingine angalau sentimita 15. Usiruke ukuta wa kati, maana nao unakaa juu ya udongo uleule.

Dipisi ikae angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Wengi huiharibu baadaye bila kujua: wanajaza udongo uani mpaka unaipita, au wanapiga plasta ya nje hadi chini kabisa. Maji hupita humo na kuizunguka.

Lakini dipisi haizuii mafuriko. Maji kama yale ya Aprili 2024, yaliyoingia majumbani Rufiji na Kibiti, hupita juu yake. Kinachosaidia hapo ni kujenga mahali pa juu na kuinua msingi.

Linta ni boriti ya zege na nondo juu ya mlango au dirisha, inayobeba tofali za juu. Mlango wa sentimita 90 unahitaji linta ya sentimita 130, yaani 20 za kukalia ukuta kila upande. Nondo kuu ziwe upande wa chini, kwa kuwa linta ikielemewa huanza kupasuka chini. Usikubali mchanga wa baharini, kwani chumvi yake hutia nondo kutu.

Siku ya kozi ya kwanza, uwepo. Tofali zikishapangwa, dipisi iliyosahaulika ni kazi kubwa kuirudishia.