"Darasa la saba" au "standard seven"? Jinsi ya kuchagua maneno ya kichwa cha habari

Kila mwaka matokeo ya darasa la saba yakikaribia, wazazi wa Kasulu na Kibondo wanashika simu na kuandika wanachotaka kwa maneno yao wenyewe. Mmoja anaandika `matokeo ya darasa la saba kasulu`, mwingine `matokeo std 7 kibondo`, na mwingine `necta psle results kigoma`. Wote wanatafuta kitu kimoja. Ukurasa wako una kichwa kimoja tu, kwa hiyo inabidi uchague.

Ukichagua vibaya, mzazi anapita bila kukuona, au anafungua kurasa nne zisizomhusu na bando linakwisha kabla hajaona jina la mtoto.

Nani anachanganya, na kwa nini

Watu hawachanganyi lugha ovyo. Shule nyingi za msingi zinafundisha kwa Kiswahili, sekondari inafundisha kwa Kiingereza, na maneno ya kutafuta yanafuata mkondo huo. Kwa shule ya msingi, "darasa la saba" ndilo jina la nyumbani. Ukifika sekondari, mzazi na mwanafunzi wanasema "fomu foo" kuliko "kidato cha nne", na wanaandika `matokeo ya form four`.

Angalia muundo wa maneno hayo. Sentensi ni ya Kiswahili, ila jina la kitu limebaki la Kiingereza. Ndiyo maana kichwa kilichoandikwa Kiingereza kitupu hakimfikii mtu huyu vizuri, na kile cha Kiswahili cha ofisini, kama "Baraza latangaza matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi", kinamkosa kabisa. Anza na muundo wa Kiswahili anaoutumia, kisha weka lile neno la Kiingereza mara moja tu, kama kweli linatafutwa.

Pima kabla ya kuandika

Andika `matokeo ya darasa` kwenye Google, usibonyeze kutafuta. Soma mapendekezo yanayoshuka chini, kwa sababu yanatokana na yale ambayo watu wengine wameyatafuta. Rudia kwa `matokeo ya std`, kisha kwa `psle`. Fanya hivyo kwenye dirisha la siri la kivinjari, la sivyo simu itakurudishia historia yako mwenyewe.

Google Trends inasaidia kulinganisha maneno mawili kwa Tanzania nzima. Kumbuka namba zake si idadi ya watu. Ni kipimo cha 0 hadi 100, ambapo 100 ndiyo kilele cha juu kabisa kati ya maneno unayolinganisha katika muda uliouchagua. Kwa maneno yenye jina la wilaya kama Kibondo, mara nyingi haina data ya kutosha, kwa hiyo usitegemee ikuamulie.

Kama tayari una tovuti, chanzo bora ni Search Console. Humo unaona maneno ambayo watu waliandika kabla ya kurasa zako kutokea. Nenda kwenye `Performance`, ongeza kichujio cha `Query`, chagua `Custom (regex)`, kisha weka:

```
la saba|la 7|std 7|standard seven|psle
```

Linganisha ni tahajia ipi imeonekana mara nyingi. Maneno yaliyotafutwa na watu wachache sana hayaonyeshwi, Google inayaficha kulinda faragha. Kwa hiyo neno kutokuwepo kwenye orodha si ushahidi kwamba hakuna anayelitumia.

Tahajia tofauti, je, ni neno tofauti?

Kuna jaribio rahisi. Tafuta `darasa la saba`, halafu `darasa la 7`, kisha linganisha matokeo matano ya kwanza. Yakiwa karibu yaleyale, Google inaziona tahajia hizo kama kitu kimoja. Chagua moja na uachane na nyingine. Yakitofautiana sana, hapo ndipo una sababu ya kuweka ya pili, kwenye kichwa au kwenye aya ya kwanza.

Makosa kama `dalasa` au `matokeao` usiyaweke kwenye kichwa hata kama watu wanayaandika. Mara nyingi Google inayasahihisha yenyewe, na msomaji akiona kosa kwenye kichwa anahisi ukurasa ni wa matapeli.

Jina la mahali lina mtego wake

Kwa matokeo ya darasa la saba, NECTA inapanga kwa mkoa, kisha halmashauri, kisha shule. Kasulu ina halmashauri mbili, ya Wilaya na ya Mji. Watu wanaandika `kasulu dc` na `kasulu tc`, wengine `kasulu mjini`. Kichwa kinachosema "Kasulu" peke yake kinamwacha mzazi abahatishe.

Kibondo nako kuna jambo. Wilaya ya Kakonko ilimegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, na Buhigwe ikatoka Kasulu mwaka huohuo. Mzazi wa Kakonko aliyezoea jina la zamani anaweza kuanzia Kibondo na asiione shule yake. Mweleze hilo kwenye aya ya kwanza, usilijaze kwenye kichwa.

Mwaka upi?

Mtihani wa darasa la saba wa 2024 ulifanyika Septemba na matokeo yakatoka Oktoba mwaka huohuo, kwa hiyo hapakuwa na utata. Kidato cha nne ni tofauti: mtihani wa 2024 ulifanyika Novemba, matokeo yakatangazwa Januari 2025. NECTA inauita wa 2024, lakini wengi wanatafuta `form four results 2025` au `2024/2025`. Weka mwaka wa mtihani kwenye kichwa, na mwezi wa kutangazwa ndani ya habari.

Tujaribu kichwa kimoja

Rasimu ya kwanza: "PSLE Results 2024 Kigoma". Ni fupi, lakini inamlenga mtu anayejua kifupi cha mtihani, na haitaji wilaya.

Rasimu ya pili: "Matokeo darasa la saba, la 7, std 7, standard seven, PSLE 2024 Kasulu Kibondo link". Imejaza kila kitu. Kwenye simu inaweza kukatwa kabla ya kufika mwisho, na Google inaweza kuibadilisha na kuonyesha kichwa chake.

Rasimu ya tatu: "Matokeo ya darasa la saba 2024: Kasulu DC, Kasulu Mji na Kibondo". Maneno ya mzazi yako mwanzoni, halmashauri zimetajwa. `NECTA`, `PSLE` na `std 7` vinaingia kwenye sentensi ya kwanza ya habari. Hiyo ndiyo ya kuchapisha.

Kama matokeo hayajatoka, ongeza "jinsi ya kuangalia yakitoka". Usiandike "yametoka" siku moja kabla ili uwahi mibofyo. Mzazi atafungua, atakuta hakuna kitu, na kesho yake atalipita jina la tovuti yako.

Baada ya siku chache rudi Search Console. Ukurasa ukionekana juu lakini haubofywi, soma maneno yaliyouleta, kisha tazama nani yuko juu yako. Akiwa ni NECTA wenyewe, wengi watabofya huko, na hilo si kosa la kichwa chako. Lakini kama maneno yanasema `kasulu tc` na kichwa chako kinasema "Mji", badilisha neno hilo moja, acha mengine, kisha pima tena.