Bei kwa Dola, Malipo kwa Zaire

Ukitoka Tezo kuelekea kaskazini mpaka Watamu na Malindi, utakuta nyumba za likizo ambazo kodi yake hutajwa kwa yuro. Watu wengi wakiliona hilo husema shilingi yetu imedharauliwa. Mimi sidhani. Mgeni wa Kiitaliano anafikiri kwa yuro, mshahara wake ni wa yuro, na mwenye nyumba anamrahisishia hesabu. Hapa Tezo, kwa mwenye duka anayepima mafuta ya kupikia na unga wa robo, yuro haina kazi. Swali linalonivutia ni jingine: ni lini hata muuza chumvi wa kawaida, ambaye hajawahi kumwona mtalii, ataanza kutaja bei kwa pesa ya watu wa mbali?

Jibu limo kwa jirani zetu wa Kongo, enzi hizo ikiitwa Zaire.

Serikali ya Mobutu ilikuwa na matumizi makubwa na kodi kiduchu, kwa hiyo ilichapisha noti ili kulipa wanajeshi na watumishi wake. Noti zikazidi, bidhaa zikabaki zilezile, bei zikapaa. Desemba 1992 ikatolewa noti ya zaire milioni 5. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi, aliyekuwa akivutana na Mobutu, akatangaza kwamba noti ile si halali. Wanajeshi walilipwa kwa noti hiyohiyo, wakaenda madukani, wafanyabiashara wakaikataa. Mwishoni mwa Januari 1993 Kinshasa ikawaka moto. Wanajeshi walipora na kuua, na balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, ni mmoja wa waliouawa.

Oktoba 1993 ikaja pesa nyingine, zaire mpya. Moja yake ilibadilishwa kwa zaire za zamani milioni 3. Ilianza kwa kiwango cha zaire mpya 3 kwa dola 1 ya Marekani. Mwishoni mwa 1994, dola hiyohiyo ilihitaji zaidi ya zaire mpya 3,000. Mwezi mbaya kuliko yote ulikuwa Novemba 1993, ambapo bei zilipanda kwa takriban asilimia 250 ndani ya mwezi mmoja. Maana yake, kitu kilichokuwa 100 mwanzo wa mwezi kilikaribia 350 mwezi ulipoisha. Kwa siku, hiyo ni kama asilimia 4.

Asilimia 4 kwa siku inasikika ndogo. Hebu tuiweke dukani.

Chukua mwenye duka aliyenunua gunia la sukari kwa 100, tusijali ni elfu au milioni. Analipima kidogokidogo na linaisha baada ya siku 10. Anapanga bei ambayo gunia zima litamletea 120, faida ya 20, si haba. Siku ya 10 anahesabu, 120 kamili ipo mkononi. Anakwenda kwa muuzaji wa jumla, na gunia sasa ni kama 150. Pesa yake inanunua karibu robo tatu na ushei, tuseme nne ya tano za gunia. Akirudia mchezo huo mara tatu, anabaki na nusu gunia. Daftari lake linaonyesha faida kila mara, ilhali rafu zinazidi kuwa tupu. Hapo ndipo mtu anagundua kwamba alichokuwa akiuza si sukari peke yake, alikuwa akiuza na mtaji.

Utasema, si apandishe bei? Apandishe kiasi gani? Akiongeza 60 tangu siku ya kwanza, mteja ataona amerukwa na akili na kuvuka barabara kwenda kwa jirani. Akibadilisha bei kila asubuhi, lazima kwanza ajue bei za jumla za leo, na sukari, sabuni na viberiti havipandi siku moja wala kwa kiasi kimoja. Anahitaji namba moja ambayo ni mpya kila siku na inajulikana na kila mtu mtaani. Namba hiyo ilikuwepo tayari, kwa wabadilishaji wa pesa wa barabarani: kiwango cha dola. Isitoshe, bidhaa nyingi zilitoka nje ya nchi, na muuzaji wa jumla mwenyewe aliziagiza kwa dola.

Basi anaandika gunia ni dola 12. Bei hiyo inaweza kukaa wiki nzima bila kuguswa. Mteja akija na zaire, zinahesabiwa kwa kiwango cha leo. Dola katika hatua hii si lazima ionekane kabisa. Inafanya kazi ya futi kamba ya fundi nguo: inapima kitambaa, haishonwi ndani yake.

Lakini futi inatibu nusu tu ya ugonjwa. Zaire alizopokea saa nne asubuhi zinaendelea kuyeyuka sandukuni. Kwa hiyo jioni anazipeleka kwa mbadilishaji azigeuze dola, au anazinunulia bidhaa palepale. Kila mtu akifanya hivyo, zaire inatemwa kwa kasi zaidi na dola inapanda zaidi. Daftari la madeni nalo linafuata. Anayekopesha kwa zaire na kulipwa baada ya mwezi amegawa bure, hivyo mkopo nao unaandikwa kwa dola au haupo.

Kuna mahali ambapo watu walichagua njia tofauti. Mikoa miwili ya Kasai, nchi ya almasi ya Mbuji-Mayi, iliikataa zaire mpya ya 1993 na kuendelea kutumia zile chakavu za zamani. Kwa kuwa hakuna aliyezichapisha tena, bei kule zilitulia kuliko Kinshasa. Kwangu hilo ndilo somo kubwa. Watu wa Kasai hawakuikimbia pesa ya nyumbani. Waliikimbia mashine ya kuchapisha.

Na Kenya je? Baada ya uchaguzi wa 1992 na kashfa ya Goldenberg, shilingi nayo iliporomoka. Mwanzoni mwa 1993 dola ilikuwa karibu shilingi 36, mwisho wa mwaka karibu 68. Mfumuko wa bei ulifika kama asilimia 46. Uliumiza watu, ila hiyo ni ya mwaka mzima, na Zaire ilipita hapo kwa majuma mawili. Kwa mwendo ule wa Kenya, gunia la siku 10 hupanda kama 1 tu kwa kila 100. Faida ya kawaida inalimeza. Ndiyo maana duka la kijijini liliendelea kuandika shilingi.

Kongo ilipata faranga yake mwaka 1998, na Januari 1999 serikali ikapiga marufuku biashara kwa fedha za kigeni. Amri hiyo ilidumu mpaka 2001. Mfumuko mkali umeshapoa siku nyingi, lakini dola haijaondoka. Goma, kodi ya nyumba hutajwa kwa dola, chenji hurudishwa kwa faranga, na noti ya dola iliyochanika kidogo tu inakataliwa. Hata M-Pesa yao ina akaunti mbili, ya faranga na ya dola. Mwenye duka mmoja hawezi kurudi kwenye faranga peke yake, kwani anayemuuzia jumla, mwenye nyumba na mdeni wake wote wanahesabu kwa dola. Kuhama kulikwenda haraka. Kurudi, miaka zaidi ya 30 sasa, bado.