Mbwa abwekaye akiachwa pekee: Ni hofu au ni kukosa shughuli?

KELELE za mbwa aliyeachwa peke yake zimewakosanisha majirani wengi mijini, hasa katika nyumba za kupanga ambako ukuta mmoja tu hutenganisha familia mbili. Mwenye mbwa hurejea jioni akapokewa na malalamiko ya bawabu, mlango ulioparurwa na sakafu iliyolowa mkojo. Aghalabu humchapa mnyama huyo, au humtoa kwa mtu mwingine.

Hata hivyo, uharibifu wa aina moja unaweza kuwa na vyanzo viwili tofauti kabisa. Mbwa mmoja huharibu kwa sababu ameshikwa na hofu kuu ya kuachwa, ilhali mwenzake huharibu kwa sababu hana la kufanya. Mbwa aliyekosa shughuli hutulizwa kwa matembezi marefu na kitu cha kutafuna. Mwenye hofu, hata ukimwachia mfupa wenye nyama, huenda usimwone akiugusa.

Jambo la kwanza la kuchunguza ni wakati. Hofu huanza mapema, mara nyingi katika dakika chache baada ya mlango kufungwa, na pengine hata kabla, mbwa anapokuona ukivaa viatu. Mbwa asiye na shughuli kwa kawaida hulala kwanza, kisha huamka baadaye na kuanza kutafuta cha kuchezea.

La pili ni mahali palipoharibiwa. Mwenye hofu hushambulia pale mwenzake alipotokea: mlango, fremu yake au dirisha. Anaweza hata kuvunjika jino au kutokwa na damu kwenye kucha. Aliyekosa shughuli huokota chochote apendacho, kama vile kiatu, mto wa kiti au pipa la taka, na akishachoka hulala tena.

La tatu ni hali ya mwili. Mbwa mwenye hofu hutweta ingawa hakuna joto, hutokwa na udenda, hutembea huku na huko bila kutulia, na hujikojolea ingawa amezoea kujisaidia nje. Ikiwa mkojo huo humtoka hata ukiwa nyumbani, mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo, maana huenda ni maradhi ya kibofu.

Njia bora ya kupata ushahidi ni kuacha simu ya mkononi ikirekodi video kwa muda wa nusu saa au zaidi, ikielekezwa mlangoni, pamoja na chakula akipendacho mbwa. Video hiyo pia itamfichua mbwa wa aina ya tatu, yule ambaye hubweka tu mtu anapopita kwenye ngazi kisha hunyamaza. Huyo anahitaji kuwekwa mbali na mlango, si tiba ya hofu.

Tuchukue mfano wa mbwa wa miaka mitatu, tumwite Simba, anayeishi na mwalimu katika nyumba ya ghorofa. Likizo ya Desemba yote walishinda pamoja. Shule zilipofunguliwa Januari, malalamiko yakaanza.

Video inaonyesha kwamba katika dakika ya kwanza Simba ananusa chini ya mlango. Dakika ya pili anaanza kutweta. Dakika ya nne analia kwa sauti ndefu, na ifikapo ya kumi anaparura mbao. Nyama iliyo kwenye bakuli haijaguswa mpaka mwalimu arudi, ndipo inapoliwa yote kwa pupa. Hiyo ni hofu.

Video hiyo pia inatoa kipimo cha kuanzia: uvumilivu wa Simba haufiki dakika mbili. Mazoezi basi yataanzia chini ya hapo, kwa sekunde.

Hatua ya kwanza ni kuziondolea maana dalili za safari. Mwalimu anachukua funguo na mkoba, kisha anaketi kusoma gazeti. Anarudia hivyo mara kadhaa kwa siku mpaka Simba asiinue kichwa asikiapo mlio wa funguo.

Hatua ya pili ni kutoka nje na kurudi kabla hofu haijaamka. Anatoka kwa sekunde 5, kisha 20, kisha 10, halafu 30, na kumalizia na 15. Muda haupandi moja kwa moja, kwa kuwa mbwa atajifunza kwamba kila safari ni ndefu kuliko iliyotangulia. Kila anaporudi, mwalimu anaingia kwa utulivu na kungoja Simba alale chini kabla ya kutoka tena. Robo saa kwa siku inatosha, na siku moja au mbili za mapumziko kwa juma hazidhuru.

Muda huongezwa tu ikiwa video inaonyesha mbwa aliyetulia. Akiramba midomo mara kwa mara, akipiga miayo bila usingizi, au akisimama wima akikodolea mlango macho, tayari amevuka mpaka wake. Zoezi lifuatalo lipunguzwe hadi nusu ya muda huo.

Nusu saa ya kwanza ndiyo ngumu zaidi na inaweza kuchukua majuma mengi, hata miezi. Baada ya hapo hatua huwa kubwa zaidi: dakika 5 kwa mara moja, kisha 10, kisha 15. Mbwa wengi wawezao kukaa saa moja na nusu wakiwa watulivu huweza hatimaye kuvumilia saa kadhaa.

Kinachoharibu kazi hii yote ni safari za kweli. Mwalimu akifanya zoezi la sekunde 30 jioni, halafu asubuhi amwache Simba saa tisa, hofu hurudi pale pale ilipokuwa. Katika kipindi cha mazoezi mbwa asiachwe peke yake: akae na jamaa, jirani au mfanyakazi wa nyumbani. Kwa wengi hili ndilo sharti zito kuliko yote, na heri kulipangia kabla ya kuanza.

Kumfungia mbwa wa aina hii ndani ya kibanda mara nyingi huongeza hofu, naye huweza kujiumiza akijaribu kutoka. Kumletea mbwa wa pili pia hakusaidii sana, kwa kuwa anayemlilia ni mtu.

Kuhusu kiboko, wengi husema mbwa anajua kosa lake kwa kuwa huinamisha kichwa. Mtafiti wa Marekani Alexandra Horowitz alilichunguza jambo hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009. Aligundua kwamba sura hiyo hutokana na kukemewa na mwenyewe, awe mbwa ametenda kosa au la. Mbwa anayechapwa jioni hujifunza kuogopa pia kurudi kwako, na kesho huachwa akiwa na hofu mbili.

Ikiwa video inaonyesha kwamba mbwa hawezi kutulia hata sekunde chache, au anajijeruhi, daktari wa mifugo anaweza kuagiza dawa kama vile fluoksetini au klomipramini. Dawa hizi huchukua majuma kadhaa kabla ya kufanya kazi kikamilifu, na humwezesha tu mbwa kujifunza; mazoezi huendelea vilevile. Usimpe kamwe vidonge vya binadamu kwa kukisia, wala usimwachishe dawa ghafla pindi aonekanapo ametulia.