Aiken (muundo wa maswali)

Aiken ni muundo wa maandishi matupu ambao kwao maswali ya kuchagua jibu huingizwa katika Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni uliotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, nao hutumika pia katika vyuo vya Tanzania. Mwalimu wa sekondari pale Usagara, wilayani Misungwi, aghalabu huwa ameyapiga chapa maswali yake kwa kubana karatasi, machaguo mawili mawili katika mstari, na majibu ameyaweka mbali, katika ukurasa wa mwisho:

```
7. Mto upi hutoka katika Ziwa Viktoria?
(a) Kagera   (b) Mara
(c) Naili    (d) Simiyu
```

Swali hilo, ili lipokelewe, sharti liandikwe hivi:

```
Mto upi hutoka katika Ziwa Viktoria?
A. Kagera
B. Mara
C. Naili
D. Simiyu
ANSWER: C
```

Swali zima hukaa katika mstari mmoja, hata likiwa refu; kila chaguo hupewa mstari wake, kwa herufi kubwa ifuatwayo na nukta au mabano ya kufungia, kisha nafasi; na neno ANSWER halitafsiriwi, kwani mfumo haulijui neno JIBU. Nambari ya swali huondolewa, kwa sababu ikiachwa huwa sehemu ya swali lenyewe, na mwanafunzi aliyepangiwa maswali kwa kuchanganywa ataiona 7 juu ya swali lake la tatu. Faili huhifadhiwa kwa aina ya .txt na usimbaji wa UTF-8, halafu hupakiwa kupitia Question bank, Import, Aiken format.

Makosa mengi ya umbo hayana hatari kubwa, maana mfumo huyakataa na kuyatangaza papo hapo. Lakini kosa la ufunguo wa majibu hupita kimya: mwalimu akiliacha swali la 12 kwa kuwa lina mchoro, ambao Aiken hauwezi kuubeba, na asilifute jibu lake katika ufunguo, basi swali la 13 litatwaa jibu la 12, na yote yafuatayo yatateleza hatua moja, ilhali mfumo umekwisha kuyakubali pasipo onyo lolote. Kwa hiyo ni heri kila jibu lihamishwe chini ya swali lake kabla nambari hazijafutwa.

Fauka ya hayo, chaguo la "Yote hapo juu" hupoteza maana mfumo ukichanganya machaguo, kwa kuwa laweza kuangukia nafasi ya kwanza, pasipo kitu juu yake. Na neno "A na C" huharibika vivyo hivyo. Maswali ya namna hiyo yaandikwe upya, au uchanganyaji wa machaguo uzimwe kwayo.

Baada ya kupakia, mwalimu na aufanye mtihani wake mwenyewe mara moja, ufunguo wa karatasi ukiwa mkononi, kabla hajaufungulia darasa.